Jinsi ya kuandika barua ya kumwomba msahihishaji aangalie upya alama zako za kemia ogania

Barua nyingi za kuomba alama ziangaliwe upya humchosha msahihishaji kabla hajafika aya ya pili. Mwanafunzi anaeleza alivyokesha akisoma, mkopo wake unavyotegemea matokeo, na anavyoogopa kukamata sapu. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini hakuna hata moja linaloweza kuwekewa alama. Kinachowekewa alama ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya majibu, na barua yenye nguvu humrudisha msahihishaji kwenye karatasi hiyo, kwenye muundo fulani au mshale fulani, ikamwomba autazame mara ya pili.

Nitafuata swali moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ni la aina wanayokutana nayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili chuoni, na nimelichagua kwa sababu linaonyesha jinsi mwongozo wa kusahihishia unavyoweza kubeba jibu la swali lililofanana nalo, si la swali lenyewe. Kama ungekuwa mtihani wa taifa wa kidato cha sita, mambo yangekuwa mengine: huko humjui msahihishaji, hutakiwi kumtafuta, na rufaa hupitia utaratibu wa Baraza. Hapa nazungumzia mtihani wa chuo au jaribio ambalo karatasi yake umerudishiwa, au umeruhusiwa kuiona.

Swali lenyewe

"2-bromo-2-methilibutani inapashwa joto pamoja na potasiamu tert-butoksidi katika tert-butanoli. (a) Chora na utaje zao kuu. (alama 2) (b) Onyesha mekanizimu ya mmenyuko kwa mishale ya kupinda. (alama 4) (c) Eleza kwa nini zao hilo ndilo kuu. (alama 2)"

Mwanafunzi wetu alichora CH3CH2C(CH3)=CH2, yaani 2-methilibut-1-eni. Akaonyesha mekanizimu ya E2. Kwenye (c) aliandika sentensi moja: "Kwa sababu besi ni kubwa." Karatasi ilirudi na sifuri kwenye (a), alama 1 kwenye (b), na sifuri kwenye (c). Pembeni msahihishaji aliandika kwa kalamu nyekundu "Zaitsev!" na kupiga mstari chini yake. Jumla ni 1 kati ya 8.

Neno lile moja jekundu ni dhahabu, maana linakuambia msahihishaji alikuwa anatafuta nini. Kanuni ya Zaitsev, inayobeba jina la mkemia Mrusi Alexander Zaitsev aliyeichapisha mwaka 1875, inasema kwamba haloalkani inapopoteza haidrojeni na halojeni, alkeni inayotoka kwa wingi ni ile ambayo kaboni za bondi yake maradufu zimezungukwa na vikundi vingi zaidi. Kwa kanuni hiyo zao kuu lingekuwa CH3CH=C(CH3)2, yaani 2-methilibut-2-eni. Hilo ndilo jibu sahihi kama besi ni sodiamu ethoksidi katika ethanoli: takriban asilimia 70 ya alkeni inayopatikana ni 2-methilibut-2-eni hiyo, na 30 ni 2-methilibut-1-eni.

Lakini swali halikusema ethoksidi. Ioni ya tert-butoksidi, (CH3)3CO⁻, imebeba vikundi vitatu vya methili karibu kabisa na oksijeni yake. Ili itoe 2-methilibut-2-eni, inabidi ifikie haidrojeni iliyo kwenye CH2 ya ndani ya mnyororo, ambako tayari kuna msongamano. Haidrojeni za CH3 za pembeni ziko wazi zaidi, kwa hiyo besi hiyo huchukua hizo. Mizani inageuka: 2-methilibut-1-eni inakuwa takriban asilimia 72, na ile ya Zaitsev inabaki takriban 28. Mwanafunzi alikuwa sahihi. Yaelekea swali la mwaka wa nyuma lilikuwa na ethoksidi, mwaka huu besi ikabadilishwa, na mwongozo wa kusahihishia haukuguswa. Hutokea, hasa karatasi zikiwa mia tatu na wasahihishaji wawili.

Kabla ya kuandika chochote

Piga picha kila ukurasa ulioandika, ukiwamo ule wa mwisho ulio tupu, palepale unapokabidhiwa karatasi na mbele ya anayekukabidhi. Baada ya hapo usiiguse kwa kalamu. Hata alama ndogo ya penseli ya kujikumbusha inaweza kuonekana kama umeongeza jibu baada ya mtihani, na hilo ni kosa la kinidhamu ambalo litafuta kabisa hoja yako ya kemia.

Kisha jumlisha alama. Angalia kama alama za ndani ya karatasi zinalingana na zilizo kwenye jalada, na kama kuna ukurasa ambao haukuguswa na kalamu nyekundu. Ukikuta kosa la aina hiyo huhitaji hoja wala kitabu: sentensi mbili na picha zinatosha, na karibu kila mwalimu hurekebisha siku hiyo hiyo. Usilichanganye na ombi la kemia kwenye barua moja, kwa sababu jambo jepesi litasubiri jambo gumu.

Sasa kaa kama msahihishaji na usahihishe jibu lako mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukwama, maana mtu husoma alichokusudia badala ya alichoandika. Mbinu inayosaidia ni kumpa mwenzako anayejua somo picha ya jibu lako bila maelezo, kisha umwombe akueleze anachoona. Asichokiona yeye, msahihishaji naye hatakiona.

Kwenye mekanizimu, tazama mambo haya hasa. Kila mshale wa kupinda huanzia kwenye elektroni, yaani kwenye jozi pweke au kwenye bondi, ukaishia elektroni hizo zinapokwenda. Mshale unaoanzia kwenye H⁺ au kwenye haidrojeni umegeuka, hata kama ulichora bidhaa sahihi baada yake. Hesabu bondi za kila kaboni. Ukikuta kaboni yenye bondi tano, usiombe alama za hatua hiyo. Angalia chaji pia: kama besi yako ilianza na chaji hasi, kitu fulani upande wa pili kinapaswa kubaki na chaji hiyo, na katika mmenyuko huu ni ioni ya bromidi.

Mwanafunzi wetu alikuwa na mishale mitatu. Wa kwanza ulitoka kwenye bondi ya C–H ukaenda kujenga bondi maradufu: sahihi. Wa pili ulitoka kwenye bondi ya C–Br ukaenda kwenye Br: sahihi, na huo ndio uliopewa alama 1. Wa tatu, ambao ulipaswa kutoka kwenye jozi pweke ya oksijeni kwenda kwenye haidrojeni, aliuchora kinyume, kutoka haidrojeni kwenda oksijeni. Hapo amekosea, na hakuna barua itakayolibadilisha hilo. Bidhaa zote za mwisho, yaani alkeni, tert-butanoli na Br⁻, alizionyesha vizuri.

Je, hoja yako inaweza kuwa dhaifu kuliko unavyodhani? Kwa swali hili, badilisha kitu kimoja tu uone. Kama kianzio kingekuwa 2-bromobutani badala ya 2-bromo-2-methilibutani, besi ileile ya tert-butoksidi katika tert-butanoli hutoa mchanganyiko unaokaribia nusu kwa nusu kati ya but-1-eni na but-2-eni. Hapo kung'ang'ania kwamba but-1-eni ndiyo "zao kuu" ni kusimama kwenye kamba nyembamba, na kitabu kimoja kitakuunga mkono huku kingine kikikupinga. Na kama swali lilisema "besi kali" bila kuitaja, mwongozo unaofuata Zaitsev una haki yake. Hoja ya besi kubwa huishi pale tu ambapo swali limeitaja besi hiyo.

Ushahidi unaokubalika

Ushahidi bora ni wa mwalimu mwenyewe: slaidi yake, maelezo aliyogawa, au suluhisho la zoezi la semina. Kama aliwahi kusema darasani kwamba tert-butoksidi hutoa alkeni yenye vikundi vichache, taja mada na tarehe ya kipindi. Unaofuata ni kitabu kilichoorodheshwa kwenye mtaala wa kozi yenu. Andika jina la kitabu, toleo na ukurasa, kisha uambatanishe nakala ya ukurasa huo mmoja. Matoleo hutofautiana kurasa, kwa hiyo toleo usiliache. Video ya mtandaoni au jibu la mtu asiyejulikana iache, hata kama lina ukweli mtupu, kwa sababu linamlazimisha msahihishaji kwanza ahakiki chanzo.

Kimoja kinatosha, na visizidi viwili. Nimewahi kupokea barua yenye viambatisho kumi na kitu, na nilichojiuliza ni kwa nini mwandishi hakuwa na uhakika na cha kwanza.

Uombe kiasi gani

Hapa ndipo barua hushinda au kushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwanafunzi mwenye hasira huomba alama zote 8. Msahihishaji akifungua karatasi akakutana na mshale uliogeuka, anaanza kutilia shaka hata yale uliyopatia. Ukitaja mwenyewe kile usichostahili, unamwondolea kazi ya kukitafuta.

Tuhesabu. Kwenye (a), muundo na jina vyote ni sahihi kwa besi iliyotajwa: omba 2. Kwenye (b), tuseme alama zimegawanywa moja kwa kila mshale na moja kwa bidhaa. Mshale wa tatu umekosewa, hivyo omba 3 badala ya 1. Kwenye (c), "kwa sababu besi ni kubwa" ni nusu ya jibu. Haikusema ukubwa huo unazuia nini, wala haikulinganisha haidrojeni za ndani na za pembeni. Omba 1 kati ya 2. Jumla unayoomba ni 6 kati ya 8. Ni ongezeko la alama 5, nalo unaweza kulitetea mstari kwa mstari.

Kama hujaonyeshwa mgawanyo wa alama, usijifanye unaujua. Andika "naomba vipengele hivi viangaliwe" na umwachie yeye idadi.

Kuna hali nyingine ya kawaida. Huenda ulikosea (a) kwelikweli, kisha ukachora mekanizimu sahihi kabisa ya kufikia jibu lako hilo, na msahihishaji akakata alama za (b) zote kwa sababu bidhaa si ile. Hapo ombi lako si kwamba jibu ni sahihi, bali kwamba kosa moja limehesabiwa mara mbili. Wasahihishaji wengi hukubali hoja hiyo, isipokuwa pale kosa la kwanza lilipoifanya kazi iliyofuata iwe nyepesi kuliko ilivyokusudiwa.

Jambo la mwisho kabla ya kalamu: mwongozo ukiwa na kosa, wapo wenzako waliopewa alama kwa jibu la Zaitsev. Usiwataje, na usiombe zao zipunguzwe. Omba jibu lako likubaliwe, basi. Mwalimu ataamua kama atalikubali pamoja na lile la zamani au atasahihisha swali lote upya, na uamuzi wa namna hiyo ni rahisi kwake kuufanya kama hujamsukuma ukutani.

Barua

Ukurasa mmoja unatosha. Kwa kuwa vyuo vyetu vingi hufundisha kwa Kiingereza, huenda barua yako ukaiandika kwa lugha hiyo; mpangilio haubadiliki. Anza na namba ya usajili na namba ya swali, kwa sababu msahihishaji hatakukumbuka kwa sura bali kwa karatasi. Na ile desturi yetu ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" si kosa, ila usiifuatishe na aya ya salamu. Ingia moja kwa moja kwenye ombi.

> Jina: ……………
> Namba ya usajili: ……………
> Tarehe: ……………
>
> Dkt. ……………,
> Idara ya Kemia.
>
> YAH: OMBI LA KUANGALIWA UPYA SWALI LA 3, MTIHANI WA KEMIA OGANIA (msimbo wa kozi ………), TAREHE ………
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba jibu langu la swali la 3 liangaliwe upya. Nilipata alama 1 kati ya 8, na kwenye karatasi pameandikwa "Zaitsev".
>
> Swali lilitaja potasiamu tert-butoksidi kama besi. Katika sehemu (a) nilichora na kutaja 2-methilibut-1-eni. Naelewa kwamba kwa besi ndogo kama ethoksidi zao kuu lingekuwa 2-methilibut-2-eni kufuatana na kanuni ya Zaitsev. Kwa tert-butoksidi, msongamano kuzunguka oksijeni huifanya ichukue haidrojeni ya kikundi cha methili, na 2-methilibut-1-eni ndiyo inayopatikana kwa wingi. Jambo hili limeelezwa kwenye slaidi ya kipindi cha tarehe ……… na kwenye kitabu cha kozi, toleo la ……, uk. ……, nakala zimeambatanishwa.
>
> Katika sehemu (b), mshale kutoka bondi ya C–H, mshale kutoka bondi ya C–Br, na bidhaa zote zimeonyeshwa. Mshale wa besi niliuchora kinyume, hivyo siombi alama yake. Katika sehemu (c) nilitaja ukubwa wa besi bila kuufafanua kikamilifu, hivyo naomba sehemu tu ya alama zake.
>
> Kwa hiyo naomba uangalie kama inafaa sehemu (a) ipewe alama 2, (b) alama 3, na (c) alama 1. Niko tayari kufika ofisini kwa muda utakaopanga.
>
> Wako mtiifu,
> (sahihi)
>
> Viambatisho: picha za ukurasa wa …… na …… wa karatasi ya majibu, nakala za slaidi na za ukurasa wa kitabu.

Tazama aya ya pili. Maelezo ya msongamano yanaeleza kwa nini (a) ni sahihi. Hayakuwekwa ili yahesabiwe kama jibu la (c). Ukiandika "nilimaanisha kwamba haidrojeni za ndani zimezibwa", umeongeza jibu jipya baada ya mtihani, na msahihishaji makini atalikataa. Neno "nilimaanisha" lifute kila unapoliona kwenye rasimu yako. Weka badala yake "niliandika", kisha nakili maneno yako kama yalivyo. Ukikuta huna cha kunakili, sehemu hiyo haina ombi.

Futa pia maneno kama "umenionea" au "umekosea". Barua ya juu haikusema popote kwamba mwongozo una kosa. Imeweka besi mbili sawia, na msomaji anaona mwenyewe mwongozo ulitokana na ipi.

Kuipeleka na kusubiri

Soma kwanza kanuni za mitihani za chuo chako kuhusu muda wa kuwasilisha ombi. Kwa jaribio la katikati ya muhula, mara nyingi mwalimu anaweza kurekebisha mwenyewe kabla alama hazijapelekwa idarani. Kwa mtihani wa mwisho, matokeo yakishapita kwenye vikao vya idara na kitivo, mkono wake umefungwa hata akikubaliana nawe, na ombi hulazimika kupitia rufaa rasmi. Kwa hiyo siku za mwanzo ndizo zenye thamani.

Peleka nakala mbili ofisini, moja ibaki kwake na nyingine igongwe muhuri au isainiwe kupokelewa. Kama mwalimu hupendelea barua pepe, tuma faili moja lenye kila kitu, na kichwa cha ujumbe kiwe na namba ya usajili na namba ya swali. Ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku hauhesabiki kama ombi, na unaweza kumkera mtu unayemhitaji akiwa na utulivu.

Akikuita ofisini, nenda na karatasi tupu na kalamu. Kuna uwezekano mkubwa akasema, "Hebu nichoree." Chora mekanizimu nzima, safari hii mshale wa besi ukianzia kwenye jozi pweke ya oksijeni. Hutapewa alama ya mchoro huo, lakini ataona kwamba jibu la (a) halikuwa la kubahatisha. Ujiandae pia kwa swali litakalofuata, ambalo karibu kila mara ni hili: "Na kama ingekuwa ethoksidi?"

Fahamu kwamba kuangaliwa upya kunaweza kushusha alama. Akipitia swali lote, anaweza kukuta kwamba kipengele kimoja alikupa kwa ukarimu. Kwa mwenye alama 1 kati ya 8 hatari hiyo ni ndogo. Kwa mwenye 6 kati ya 8 anayetafuta ya saba, ningemshauri apime mara mbili.

Jibu likiwa "hapana" pamoja na sababu, ilinganishe na karatasi yako. Akisema darasani mlifundishwa Zaitsev peke yake na besi kubwa hazikuwamo kwenye mtaala, bado swali lenyewe ndilo lililotaja tert-butoksidi, na hoja hiyo inaweza kupelekwa kwa mkuu wa idara ukiambatanisha barua yako ya kwanza na jibu ulilopewa, bila kuandika upya hadithi nzima. Akisema mshale uliogeuka unafuta mekanizimu yote, huo ni uamuzi wa kitaaluma ambao idara kwa kawaida humwachia msahihishaji. Acha (b) na ubaki na (a), ambayo ushahidi wake hauyumbi. Kuanzia hapo ni rufaa rasmi: fomu ya chuo, ada kama ipo, na mara nyingi msahihishaji mwingine atakayeisoma karatasi bila kukujua. Barua ileile ya ukurasa mmoja ndiyo utakayoambatanisha na fomu.